Advisory, Watch na Warning: ninavyozisoma hapa Iowa

Watu wengi wa kwetu wakifika huku Marekani huzipanga taarifa za dhoruba kama ngazi: Advisory chini, Watch katikati, Warning juu. Mpangilio huo unaponza watu. Advisory na Warning zote husema jambo linatokea sasa au liko mlangoni, ila ya kwanza ni ya usumbufu na ya pili ni ya hatari. Watch husema hatari yenyewe ni kubwa, lakini bado haijulikani kama itakuja na itampiga nani. Kwa hiyo mimi kila taarifa naiuliza maswali mawili: kitu chenyewe ni kikali kiasi gani, na kiko wapi sasa hivi?

Naishi Cedar Rapids tangu 2021, katika jengo la ghorofa ambalo nusu ya wapangaji ni watu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura, nasi wachache wa Kigoma. Kiingereza cha simu wengine hakiwapandi, hasa wazee, na taarifa za dharura za simu huja kwa Kiingereza na Kihispania tu. Ndiyo maana kazi ya kuzisoma na kuwarushia wenzangu ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp iliniangukia mimi.

Nianze na Watch. Severe Thunderstorm Watch hutolewa na kituo cha kutabiri dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma. Hutaja kaunti nyingi kwa mpigo, na kwa kawaida hudumu saa kadhaa. Wakati mwingine inatoka jua likiwaka na mbingu nyeupe, mtu akadhani wamekosea. Hawajakosea: wameona joto, unyevu na upepo wa juu vikikutana kwa namna inayozaa dhoruba kali. Watch ndio muda wa kufanya mambo yote yanayohitaji mikono na akili tulivu. Nachaji simu, nauliza nani yuko kazini na nani atawachukua watoto, naondoa viti na vyungu vya maua kibarazani kwa sababu upepo huvirusha kama mawe. Viatu vya kila mtu vinakaa pamoja karibu na bafu. Rafiki yetu anayeishi kwenye nyumba ya trela tulikubaliana aje kwetu wakati wa Watch, asisubiri zaidi. Trela haimfai mtu kwenye upepo mkali, na Warning ikishatoka anaweza kukosa hata dakika za kufika kwenye gari.

Warning ni kitu kingine kabisa. Hiyo hutolewa na ofisi ya hali ya hewa ya eneo lenyewe, kwetu ni ile ya Quad Cities, baada ya rada kuonyesha dhoruba au mtu kuiona kwa macho. Haifuati mipaka ya kaunti. Wanachora umbo lenye pembe kwenye ramani kufuata njia ya dhoruba, na mara nyingi hudumu kati ya nusu saa na saa moja. Kipimo chake ni upepo wa maili 58 kwa saa (kilomita 93) au mvua ya mawe yenye upana wa inchi 1, yaani sentimita 2.5. Radi haimo kwenye kipimo hicho. Dhoruba inaweza kumulika usiku kucha kwa radi zinazoua na isipate Warning, basi ukisikia ngurumo ingia ndani bila kungoja simu ikuambie.

Advisory nitaipitia haraka. Ile tunayoiona sana wakati wa dhoruba ni Flood Advisory: maji yatatuama kwenye barabara za chini, safari itachelewa. Nabadilisha njia ya kwenda kazini, basi. Inapogeuka Flash Flood Warning, sitoki.

Sasa niwaeleze jioni moja ilivyokwenda. Watch ilikuwepo mpaka saa nne usiku. Mara ikatoka Severe Thunderstorm Warning ikisema kwamba saa 7:12 PM dhoruba ilikuwa karibu na Vinton, ikielekea kusini mashariki kwa maili 45 kwa saa. Chini yake kulikuwa na mistari hii:

```
HAZARD...70 mph wind gusts and golf ball size hail.
SOURCE...Radar indicated.
THUNDERSTORM DAMAGE THREAT...CONSIDERABLE
```

Mstari wa kwanza unataja upepo wa maili 70 na mawe ya barafu ya ukubwa wa mpira wa gofu. Wa pili unasema ni rada iliyoona. Wa tatu, unaotaja kiwango cha madhara yanayotishia, ndio wengi huuruka, na ndio ninaoutafuta kwanza. Tangu Agosti 2021 Warning za dhoruba ya radi zina daraja tatu: ya kawaida haina neno hapo, kisha CONSIDERABLE, kisha DESTRUCTIVE ambayo ni upepo wa maili 80 au mawe ya ukubwa wa mpira wa besiboli.

Vinton iko kama maili 22 kutoka kwetu. Kwa mwendo wa 45, hiyo ni nusu saa hivi, na upepo wa mbele hutangulia mvua, kwa hiyo nilihesabu dakika 20. Nikatuma sauti: "Ndugu zangu, hii ni ya kuingia. Kabla ya saa moja na nusu kila mtu awe mbali na madirisha." Mama mmoja wa Uvira akajibu papo hapo: "Dada, ni ile ya kujiandaa ama ile ya kukimbia?" Nikamwambia ni ya kukimbia, lakini ukimbilie ndani. Wa ghorofa ya juu walishuka kwenye korido ya chini isiyo na dirisha, watoto wakiwa wamevaa helmeti za baiskeli. Aliyekuwa njiani kutoka kazini nilimpigia asimame kwenye duka lolote aingie ndani, asiegeshe chini ya daraja la barabara kuu, maana upepo hupenya pale kwa nguvu zaidi.

Simu ya mtu yeyote haikupiga kelele jioni ile. Mfumo wa dharura wa simu huliza Tornado Warning zote, lakini kwa dhoruba ya radi huliza DESTRUCTIVE tu. Mwaka 2020, derecho ya tarehe 10 Agosti, yaani mstari mrefu wa dhoruba zenye upepo mkali, ilipoupiga mji huu kwa upepo uliokadiriwa kufika maili 140 kwa saa, hata daraja hilo la DESTRUCTIVE halikuwepo. King'ora cha nje nacho kiliwekwa kwa ajili ya walio nje, na kila kaunti ina kanuni zake za kukipiga. Aliyelala na feni inavuma hakisikii. Kwa hiyo nilinunua redio ya hali ya hewa ya NOAA. Redio ya kawaida ya FM haishiki masafa yake. Niliiwekea namba 019113, ambayo ni kaunti yetu ya Linn, ili isiniamshe kwa dhoruba za kaunti nyingine, nikaiweka kitandani upande wangu na betri ndani.

Saa mbili usiku Warning iliisha. Mzee mmoja akataka kutoka kuangalia kioo cha gari lake. "Mzee wangu, subiri kidogo," nikamwambia, kwa sababu ramani ilionyesha mstari mwingine wa mvua nyuma ya ule wa kwanza na Watch ilikuwa bado na saa mbili. Alinung'unika, akakaa. Warning ya pili ilitoka kabla ya saa tatu, safari hii bila CONSIDERABLE, na gari alikuja kuliangalia asubuhi.