Nilivyotafsiri ikisiri ya utafiti wa mbu kutoka kwenye picha ya skrini

Picha ilikuwa imepigwa kwenye simu na kukatwa juu na chini. Haikuwa na jina la makala wala la waandishi. Ilibaki aya moja nzito ya Kiingereza kuhusu usugu wa mbu dhidi ya dawa. Aliyenitumia ni mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu walale ndani ya vyandarua. Kwenye kundi lao la simu watu walikuwa wameshaanza kuandikiana kwamba picha ile inathibitisha vyandarua havifanyi kazi tena. "Kaka, niwekee kwa Kiswahili," aliniandikia, "nijue inasema nini hasa kabla sijawajibu." Naeleza hapa nilivyoifanya kazi hiyo. Makala si yangu, kwa hiyo takwimu za matokeo nitakazotaja nimezibadilisha ziwe za mfano. Vipimo vya utaratibu wa jaribio ni vile vinavyotumika kweli.

Kabla ya kutafsiri neno lolote, nilihakikisha kwanza kwamba ninachokisoma ndicho kilichoandikwa. Niliipitisha picha kwenye programu inayotoa maandishi kwenye picha, nikayaweka maandishi hayo kando ya picha niliyoikuza, kisha nikapita nambari moja baada ya nyingine. Programu hizi huyasoma maneno ya kawaida vizuri, lakini huteleza kwenye alama ndogo, na alama ndogo ndizo zinazobeba vipimo. Umri wa mbu, siku 3–5, ulitoka "35" kwa sababu kistari kilikuwa chembamba. Halijoto ya 27 ± 2 °C ilitoka "27 + 2 0C". Herufi l kwenye "s.l.", kifupi kinachofuata jina la spishi, ikageuka kuwa nambari moja. Makosa ya namna hii yanaonekana upesi, kwa kuwa mbu haishi siku 35 akisubiri kupimwa na hakuna anayeandika halijoto kama hesabu ya kujumlisha.

Kosa lililonitisha ni lile ambalo halikuonekana kama kosa. Programu ilisoma kwamba mbu waliwekwa kwenye karatasi yenye dawa ya kuua wadudu, deltamethrini, ya 0.5%. Kwenye picha iliyokuzwa, baada ya nukta kulikuwa na kivuli cha sifuri nyingine: 0.05%. Ukiangalia haraka unaweza kusema tofauti hiyo ni ndogo, lakini sivyo. Katika utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, karatasi ya 0.05% ndiyo ya kawaida ya kupima kama mbu hawa wana usugu au hawana. Kuna pia karatasi ya 0.25%, yaani mara tano, na ya 0.5%, yaani mara kumi, ambazo hutumika kupima usugu huo ni mkali kiasi gani. Viwango vyote viwili vinatumika kweli, hivyo msomaji anayeijua kazi hii angeiamini 0.5% bila kushtuka, na angeelewa kwamba mbu wananusurika kwenye dawa iliyozidishwa mara kumi. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na ni mbaya zaidi.

Kivuli cha kwenye picha hakikunitosha kuamua. Nilichukua sentensi moja nzima ya ikisiri ambayo haikuwa na nambari, nikaitafuta mtandaoni ndani ya alama za kunukuu, nikaipata makala yenyewe. Pale ilikuwa 0.05% bila ubishi. Mstari wa mwisho, uliokatwa kwenye picha, nao niliupata hapo. Kama nisingeipata makala, ningeacha nafasi na kuandika "hapa hapasomeki". Nambari isiyosomeka haikisiwi, hata kama unaamini unaijua.

Baada ya hapo nilipiga mstari chini ya kila kitu ambacho hakitaguswa: nambari zote, vizio vyake, alama kama ± na <, majina ya spishi na jina la badiliko la jeni. Nukta ya desimali niliiacha nukta. "60 min" niliiandika dakika 60 na sikuigeuza kuwa saa moja, kwa sababu kwetu saa moja ni muda na pia ni wakati wa asubuhi au jioni, na ikisiri nyingine hutaja vyote viwili.

Majina ya spishi ndiyo yaliyotaka uvumilivu. Kishawishi cha kuandika "mbu wa malaria" ni kikubwa, maana msomaji atalielewa mara moja. Lakini ikisiri hii ilianza kwa kusema kwamba waliopimwa ni *An. gambiae* s.l., na sentensi tatu mbele ikasema kipimo cha PCR kilionyesha kuwa karibu wote ni *An. arabiensis*. Ukiwaita wote mbu wa malaria, sentensi ya pili inakosa maana, kwa sababu itakuwa inasema mbu wa malaria waligundulika kuwa mbu wa malaria. Herufi s.l. zinaeleza kwamba jina limetumika kwa mapana, kwa kundi zima la spishi ndugu ambazo macho hayawezi kuzitenganisha. PCR husoma vinasaba na kusema huyu ni ndugu yupi. Kwa hiyo majina yote mawili yalibaki kama yalivyo, kwa mwandiko wa mlazo, herufi kubwa kwenye jenasi na ndogo kwenye spishi. Mahali pa kwanza niliandika jenasi kwa ukamilifu, *Anopheles*, ili kifupi *An.* kisimchanganye mtu. Kwa upatanisho wa sarufi nilitanguliza neno "mbu": mbu *An. arabiensis* walikufa, walinusurika. Sentensi inakaa vizuri na jina halichezewi.

Istilahi za mbinu nilizishughulikia kwa njia nyingine. Hizo huwezi kuziacha kama zilivyo, kwa sababu ndizo zinazomfungia msomaji mlango. Nilitafsiri kwa neno fupi ndani ya sentensi, kisha maelezo yangu nikayaweka kwenye mabano ya mraba, ili asomaye ajue wazi kwamba hayo si maneno ya watafiti. Sehemu ya mbinu na matokeo ilitoka hivi:

"Mbu majike wa siku 3–5 ambao hawakuwa wamenyonya damu waliwekwa kwa dakika 60 kwenye karatasi zenye deltamethrini 0.05% [mbu huingizwa kwenye mrija uliozungushiwa karatasi yenye dawa, kisha huhamishiwa kwenye mrija usio na dawa na kupewa maji ya sukari]. Vifo vilihesabiwa baada ya saa 24 [siyo mara tu wanapotolewa, kwa sababu mbu aliyeanguka anaweza kuzinduka]. Kundi jingine liliwekwa kwanza kwenye PBO 4% [kemikali inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja dawa mwilini mwake]. Kiwango cha vifo kilikuwa 68% (95% CI: 58–76; n = 100) kwa deltamethrini peke yake na 99% baada ya PBO. Badiliko la kdr L1014F lilikuwa nadra."

Mabano ya PBO ndiyo niliyoyaandika upya mara nyingi kuliko yote. Rasimu ya kwanza ilisema PBO "huongeza nguvu ya dawa". Maneno hayo yanazunguka sana, na si uongo, lakini yanaficha sababu ya kipimo chenyewe kufanyika. Msomaji atadhani dawa ilichanganywa na dawa nyingine kali zaidi. PBO kwa kiwango kile haitarajiwi kuua mbu. Kazi yake ni kumfunga mikono. Vifo vikipanda kutoka 68% hadi 99% baada ya PBO, watafiti wanajua kwamba mbu hawa walikuwa wananusurika hasa kwa kuivunja dawa mwilini. Sentensi inayofuata, ya L1014F, inaunga mkono jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Hapo nilieleza kwamba kdr ni kifupi cha Kiingereza cha usugu dhidi ya kuangushwa na dawa, L na F ni asidi amino mbili, lusini na fenilalanini, na 1014 ni mahali ambapo ya kwanza imebadilishwa na ya pili kwenye protini ya neva ambayo dawa huishambulia. Badiliko hilo likiwa nadra, haliwezi kuwa ndilo linalowaokoa mbu wengi. Bila maelezo haya sentensi mbili zinaonekana hazihusiani.

Kitu kingine kilichohitaji mabano yake peke yake ni "95% CI". Mhudumu yule alikuwa ameniuliza tangu mwanzo: "Sasa waliokufa ni 68 au ni 95?" Swali lake ni halali kabisa, kwa kuwa asilimia mbili zimekaa bega kwa bega. Niliziacha nambari zilivyo, nikaongeza: [waliokufa ni 68 kati ya 100; kwa kuwa waliopimwa ni 100 tu, kiwango halisi kwa mbu wa eneo hilo kinakadiriwa kuwa kati ya 58% na 76%, na 95% ni kiasi cha uhakika wa njia ya kukadiria]. Maelezo marefu kidogo, lakini hayo ndiyo yaliyozuia mtu kusambaza kwamba asilimia 95 ya mbu wamekufa, au wamepona.

Nilipomaliza nilifanya ukaguzi ambao siuruki kamwe. Nilinakili nambari zote kutoka kwenye makala kwa mpangilio wake, kisha zote kutoka kwenye tafsiri nje ya mabano ya mraba, nikalinganisha safu mbili hizo bila kusoma maneno. Zikitofautiana idadi, kuna kilichodondoka au kilichoongezwa. Majina ya spishi nayo niliyapitia herufi kwa herufi, kwa sababu programu ya simu ya kusahihisha tahajia ilikuwa imeshajaribu kuibadilisha *arabiensis*.

Sehemu iliyobaki ilikuwa swali la vyandarua, na ikisiri haikulijibu. Jaribio la mrija linamlazimisha mbu kugusa dawa kwa dakika 60. Halipimi chandarua kilichotundikwa na mtu amelala ndani yake. Nilichoweza kusema kutokana na ikisiri ni kwamba vifo chini ya 90% kwenye kipimo hiki huhesabiwa kuwa usugu uliothibitishwa, na kwamba matokeo ya PBO yanaelekeza kwenye vyandarua vyenye deltamethrini pamoja na PBO, ambavyo vipo. Hayo niliyaandika chini ya tafsiri, chini ya mstari, kama maelezo ya mfasiri. Kwamba wavu usiotoboka unamzuia mbu kumfikia mtu hata mbu huyo akiwa sugu, nilimwambia kwenye ujumbe wa pembeni, kwa sababu halimo kwenye ikisiri na sikutaka lionekane limetoka humo.

"Kwa hiyo haisemi waache vyandarua," alinijibu. Nilimwambia haisemi, dada, na ukiwatumia tafsiri watumie na picha ya awali pamoja na kiungo cha makala, ili atakayebisha alinganishe nambari mwenyewe.