Pepa iliyoingia kwenye simu yangu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, niseme tu ukweli. Jumapili saa nne usiku mzazi mmoja wa fomu foo kanitumia picha wasapu, "mwalimu hii ndo pepa yenyewe ya hesabu ya mtihani wa taifa, wape watoto". Na mimi mkuu wa shule, mzee wa kanisa, nikaifungua, nikaivuta kwa vidole nisome vizuri. Kichwani nilikuwa na wastani wa shule tu. Dakika mbili tatu hivi ndo nikaona tarakimu ya mwisho ya mwaka imekolea kuliko zenzake, kumbe ni pepa ya zamani imebadilishwa mwaka. Hapo ndo nikatubu. Sio utakatifu ulionizuia jamani, ni ile kugundua kwamba ni feki.

Asubuhi mstarini nilikuwa nimepanga kuongelea muda. Nikawaambia hesabu ni masaa matatu, alama 100, kwa hiyo swali la alama sita lisile zaidi ya dakika kumi na la alama kumi dakika 18. Maswali ya alama sita ni yale kumi ya kwanza, ya alama kumi ni manne ya mwisho, ukienda hivyo unabakiwa na dakika nane za kuhakikisha namba yako ya mtihani iko kila ukurasa. Likikugomea liruke, utalirudia. Na mkono ukitetemeka weka peni chini, vuta pumzi, muite Yesu kimoyomoyo, kisha anza na lile unaloliweza.

Ila nilipofika kwenye uaminifu sauti ikakata. Nikawaambia watoto mwenyewe nilitumiwa pepa jana na nikaiangalia. Kimya, hata wale wa nyuma wanaochekaga. Nikawaambia ukikamatwa na kikaratasi au simu kwenye somo moja Baraza la Mitihani linafuta matokeo yote, hata ya Kiswahili uliyofanya kwa jasho lako, miaka minne imeenda hivyo. Na usipokamatwa je? Mizani ya hadaa ni chukizo hata kama muuza duka hajakamatwa, hilo tunalijua toka sandeskuli.

Sasa niwageukie nyie wazazi wenzangu, maana nasikia kuna mchango wa "kuwasaidia watoto" unapita, na wengine mnachanga halafu Jumapili mko mbele mnaimba. Mtoto akikesha anakariri pepa feki, asubuhi akikuta maswali mengine anachanganyikiwa hata kwa yale aliyokuwa anayajua. Umelipa hela kumnyang'anya mwanao usingizi na utulivu. Acheni!

Yule mzazi nilimpigia jana, hakupokea. Ile namba iliyomuuzia nimeipeleka kwa wanaohusika. Hesabu ni kesho saa mbili, tuwaombee watoto, na mimi mniombee, maana simu ikiita usiku bado naiogopa.