Nilivyoifanya apu yangu iache kuwasumbua watu wa sokoni

Nina apu ya bei za mazao, watumiaji wangu wengi ni wafanyabiashara wa Moshi na Arusha, na mwaka jana nilikuwa naona watu wanaifuta kila wiki. Jamaa mmoja akanishauri nitume notifikesheni nyingi zaidi eti ndiyo watanikumbuka. Nilimsikiliza wiki mbili, wakazidi kuifuta, na ushauri ule unaniudhi mpaka leo.

Nikaamua kila mtu apate mbili tu kwa siku. Nikaweka kihesabio cha kila mtumiaji kwenye Redis, siku ikiisha kinarudi sifuri, na zinazozidi mbili zinasubiri kwenye foleni. Kwenye kompyuta ilienda vizuri kabisa. Kesho yake alfajiri mama mmoja wa Mbuyuni anayeuza ndizi akanipigia, "Mwanangu, simu imelia mara mbili saa tisa usiku, ndizi, ndizi, mtoto ameamka, kuna nini?" Nikamwomba radhi, shikamoo yenyewe nilisahau. Kumbe seva inahesabu siku kwa saa za UTC, sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo usiku wa manane wao ni saa tisa usiku kwetu. Kihesabio kikarudi sifuri, foleni ikafunguka, watu wote wakapigwa na bei za jana kwa pamoja!

Foleni nikaitoa kabisa. Bei ya jana haina kazi, iliyozidi inatupwa, atakayefungua apu ataikuta mle. Halafu nikaacha kuhesabu kwa tarehe, nikahesabu masaa 24 yaliyopita kuanzia sasa hivi, 4471 hapa ni namba ya mtumiaji:

```
ZREMRANGEBYSCORE bei:4471 -inf <sasa-86400>
ZCARD bei:4471
ZADD bei:4471 <sasa> <id>
```

Kila ujumbe unaotumwa unaacha alama yake. Ya kwanza inafuta alama zilizopitisha masaa 24 (sekunde 86400), ya pili inahesabu zilizobaki, zikiwa chini ya mbili ndiyo ya tatu inaandika alama na ujumbe unaondoka. Zote zikae ndani ya skripti moja ya Lua, maana nilipoziacha mbalimbali michakato miwili ilisoma "moja" kwa wakati mmoja, yote miwili ikatuma, mtu akapata tatu. Na hesabu kwa mtumiaji, usihesabu kwa simu, wengine wana simu mbili.

Shida iliyobaki, mbili za asubuhi zikienda na vitu vidogo, bei ikiruka mchana huna nafasi tena. Kwa hiyo bei isipobadilika kwa asilimia 10 situmi, na kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi situmi chochote cha bei. Ujumbe wa malipo haumo kwenye hesabu hii, mtu akilipwa lazima ajue muda huohuo, nao nimeuwekea chaneli yake kwenye Android ili atakayezima bei asizime na malipo.

Yule mama wa ndizi bado anayo apu, na bei hajazizima.