Kupima siki ya kasiksi: indikateri gani inafaa, na juu ya nini

Kwa wale wako nafuata huu mradi: nakumbusha kidogo. Kuna mama jirani yetu hapa Bukavu anatengenezaka siki na kasiksi, ile pombe ya ndizi, anaiacha mu bido mpaka pombe inageuka asidi asetiki, na anataka kujua kama siki yake inafika ile 5% yenye iko mu machupa ya duka. Kwa kupima tunafanya dozaji: siki iko chini mu chupa ya kioo, NaOH, ni soda kaustiki, ya 0,1 M, yaani mole 0,1 kwa lita, iko juu mu bireti, unatonesha polepole mpaka rangi inageuka, kisha unasoma ni mL ngapi imeshuka. Bireti na pipeti tuko nazo. Hii wiki nilikalia jambo moja tu, kuchagua indikateri.

Mu kaboate yetu muko heliantini, ruji ya metili, BBT, yaani bluu ya bromotimoli, na fenolftaleini. Mudogo wangu, yeye anasoma biokimia, akaniuliza: "Yaya, si zote zinabadilikaka rangi? Tuchukue tu ile iko karibu." Ni swali muzuri sana, na watu wengi wanabebaka fenolftaleini kwa mazoea bila kujiuliza, kwa hiyo niliketi naye tukapiga hesabu.

Kitu cha kwanza cha kushika: indikateri haijui kama asidi imeisha. Inajua pH tu. Na haigeuki kwa pH moja, inageuka polepole mu eneo moja, njo tunaita eneo ya viraji. Heliantini inatoka wekundu inafika njano kati ya 3,1 na 4,4. Ruji ya metili inatoka wekundu kwenda njano kati ya 4,4 na 6,2. BBT iko njano chini ya 6,0 na bluu juu ya 7,6, katikati inakuwa kijani. Fenolftaleini haina rangi mpaka karibu 8,2, kisha inaingia pinki mpaka inakolea ku 10. Sasa swali si "indikateri gani iko muzuri", swali ni pH ya siki yetu inapita wapi wakati asidi inaisha, na inapita na mbio gani.

Tulianza na siki ya duka ya 5% juu tunajua jibu yake mbele. Unachukua 10 mL, unaongeza maji yenye ilichemshwa ikapoa mpaka 100 mL, kisha unapima 25 mL ya ile maji maji. Kwa siki ya 5% hiyo inakuwa karibu 0,083 M, na inaomba 20,8 mL ya NaOH ili asidi yote iishe.

Angalia sasa vile pH inatembea. Mbele ya kutonesha iko karibu 2,9. Ukifika 5 mL iko 4,3. Ukifika 10,4 mL, nusu ya njia, iko 4,76, na hiyo si bahati, ni pKa yenyewe ya asidi asetiki, yaani pH yenye asidi na asetati, ile asidi inageuka wakati NaOH inaikula, ziko sawa sawa. Ukifika 15 mL iko 5,2. Yaani umemwaga 10 mL nzima kutoka 5 mpaka 15 na pH haijapanda hata 1. Ni kama kupanda kilima kirefu chenye hakichoshi, halafu mbele yako ghafla ukuta. Ukuta ni huu: ku 20,7 mL pH iko 7,1, ku 20,8 iko 8,7, ku 20,9 iko 10,3. Matone ine hivi, na pH imeruka zaidi ya 3. Ule ukuta njo tunautafuta, na indikateri yenye inafaa ni ile inageuza rangi yake yote ndani ya ukuta.

Weka sasa kila indikateri ku ile njia. Heliantini inaanza kuacha wekundu karibu 0,25 mL, yaani umefungua tu robine, na inakuwa njano kabisa karibu 6,3 mL. Kati ya hapo unaona oranji yenye inabadilika kidogo kidogo, hakuna tone hata moja utasema "ni hii". Mutu akisimama ku njano ya 6,3 mL atatoa 1,5% kwa siki ya 5%, na atamuambia muuzaji kama anaibia watu. Tulimwaga ya majaribio ku erlenmaya moja na heliantini kusudi mudogo aone kwa macho, na aliona: kila nusu mL alikuwa anasema "bado kidogo" na hakuwa na namna ya kuhakikisha.

BBT ni ya katikati. Njano inaanza kuharibika ku 19,7 mL hivi, bluu safi inakuja 20,77. Kwa hiyo kama unasubiri bluu kabisa uko karibu sana na kweli, lakini kama unasimama ku kijani ya kwanza umeacha zaidi ya mL moja. Inategemea jicho ya mutu, na mimi sipendi kipimo chenye kinategemea hivyo.

Fenolftaleini: pinki inaanza karibu 20,79 mL na inakolea mpaka 20,85. Tone moja ao mbili. Ukiwa pale unaona kabisa: mbele kidogo, kila tone linaanguka na wingu ya pinki, unazungusha chupa, wingu inapotea haraka. Kisha inaanza kuchelewa kupotea. Hapo unafunga robine, unaenda tone kwa tone, na tone moja linakuja linabakiza pinki ya kufifia yenye haiendi kwa nusu dakika. Hiyo njo mwisho. Tunaweka karatasi nyeupe chini ya chupa, na matone mbili tatu ya indikateri inatosha. Usizidishe: yenyewe ni asidi dhaifu, na kwa sababu ina rangi moja tu, ukiweka mingi pinki inaonekana mbele ya saa yake. Na pinki ikififia nyuma ya dakika kadhaa usiongeze NaOH, ni CO2 ya hewa inaingia na kushusha pH.

Mudogo akauliza tena, na hapa njo nilifurahi: "Mbona ku masomo walituambia heliantini inafaa na HCl?" Inafaa, juu HCl ni asidi ya nguvu, na ukuta wake ni murefu. 25 mL ya HCl 0,1 M na NaOH 0,1 M: ku 24,9 mL pH iko 3,7, ku 25,1 iko 10,3. Heliantini ikifika njano umeacha asidi ya 0,02 mL tu, hakuna wa kuiona. Kwa hiyo na nguvu kwa nguvu karibu kila indikateri inapita. Lakini usifanye hiyo sheria: ukipunguza zote mbili mpaka 0,01 M, ukuta unabaki 4,7 mpaka 9,3, na heliantini inamaliza njano 0,2 mL mbele. Ukuta unafupika kila unapoongeza maji.

Kwa asidi dhaifu tulijitengenezea njia ya haraka, bila kuchora mstari yote. Asidi ikibaki moja kwa elfu, pH iko pKa ongeza 3. Hapo ukuta umeanza kweli. Upande wa juu unaishia karibu 9,7 kwa solusyo ya 0,1 M. Kwa asetiki: 4,76 + 3 = 7,8. Basi viraji itafutwe kati ya 7,8 na 9,7, na pinki ya kwanza ya fenolftaleini inaangukia mule mule. Asidi yenye pKa ya 7 kwenda juu haina ukuta wa maana tena, indikateri hakuna itasaidia.

Hii njia ilitusaidia kabisa ku siki ya kasiksi, juu mule hamuko asetiki peke yake. Asidi ya laktiki pKa yake ni 3,86, ukuta unaanza ku 6,9, fenolftaleini bado iko ndani. Shida ni CO2 ya chachu: pKa yake ya kwanza ni 6,35, ukiongeza 3 ni 9,35, yaani pinki inaikuta katikati ya kuhesabiwa, inakula NaOH kidogo na pinki inakuwa na ulegevu. Kwa hiyo tunatikisa siki vizuri mu chupa wazi, tunaiacha mpaka vipovu viishe, ndipo tunapima. Usiichemshe ngumu, asidi asetiki nayo itatoka na mvuke. Rangi yake ya udongo inapungua sana ikishapunguzwa mara kumi, pinki inaonekana.

Mama jirani: 14,6 mL. Ile inatoa 0,0584 M kwa maji maji, 0,584 M kwa siki yenyewe, mara 60, gramu za mole moja ya asetiki, ni 35 g kwa lita, 3,5% ikihesabiwa yote kama asetiki. Nilimwambia, akasema ataiacha iendelee mu bido.

Kinachofuata ni amonia ya kusafishia, na tumeshageuza hesabu. Besi dhaifu, HCl mu bireti, ukuta unashuka upande wa asidi: pKa ya amoniumu ni 9,25, unaondoa 3, ni 6,25, na chini unaishia karibu 4,3. Ruji ya metili inageuka kati ya 6,2 na 4,4, imekaa mule kama imekatiwa. Fenolftaleini pale ingefanya vile heliantini ilifanya ku siki: na 25 mL ya amonia 0,1 M pinki ingeanza kufifia ku 3,8 mL na kupotea ku 23, mwisho wa kweli ukiwa 25.

Mudogo anataka tupime siki na amonia moja kwa moja. Nilimwonyesha hesabu: 0,1 mL mbele ya mwisho pH 6,85, 0,1 mL nyuma yake 7,15. Hata BBT inahitaji 1,6 nzima kugeuka. Dhaifu kwa dhaifu tumeiondoa ku mpango, NaOH na HCl njo zitakaa mu bireti.