Siku moja maishani mwangu: siku ya kumbikumbi

Saa kumi na mbili asubuhi. Usiku kucha mvua imepiga mabati, na kabla hata ya chai nimeshafika kwenye kichuguu kilicho nyuma ya migomba yetu, huku Kakamega. Nina kijiti mkononi. Jumatatu nilikichomeka hapa kikavunjika, leo kinazama hadi nusu. Hicho ndicho kipimo changu. Kumbikumbi wamekaa humo ndani na mabawa yao tayari, wakingoja. Wakiruka juu ya udongo mkavu hawatapata pa kuchimba, na jua litawakausha kabla ya adhuhuri.

Saa tatu. Nimerudi na jembe. Upande wa mashariki vibarua wa mchwa wanatoboa matundu marefu membamba, na kingo zake bado zina tope bichi. Askari wenye vichwa vikubwa vya kahawia wamejipanga mlangoni. Nimeweka unyasi karibu, mmoja akauma na hakuuachia. Vibarua hawa hawana mabawa na hawaendi popote, wanawafungulia tu ndugu zao njia.

Namwambia mama mkwe, "Mama, leo wanatoka."

"Watatoka upepo ukitulia," anajibu bila kuinua macho kwenye mboga anazochambua.

Saa sita. Sokoni na sukuma wiki. Sina la kusimulia.

Saa kumi. Nimechomeka fito kuzunguka matundu, nikazifunika kwa blanketi kuukuu na majani ya mgomba, nikaacha upenyo mmoja wa mwanga. Mbele ya upenyo nimechimba shimo na kutumbukiza ndoo. Kumbikumbi hufuata mwanga, na akifika ukingoni huteleza. Nusu ya kichuguu nimeiacha wazi. Nikifunika chote, nitawala hata watakaoanzisha vichuguu vya watoto wangu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Upepo umekufa. Kwanza wametoka watatu, kisha kumi, kisha tundu likawa kama linatapika. Kuku wanakimbia huku na huko, vyura wamekaa mdomoni mwa tundu wanameza tu, popo wanapita juu. Baada ya muda kuku mmoja amesimama, kumbikumbi anampita mguuni, wala hamgusi. Ameshiba. Hapo utaelewa kwa nini wanatoka wote pamoja: wangetoka kumi kila siku, kuku na vyura wangewamaliza kila siku.

Ila kuna sababu nyingine. Ng'ambo ya barabara, kwa jirani, kichuguu nacho kinatoa, maana mvua ilikuwa ile ile na utulivu ni ule ule. Kumbikumbi wa nyumba moja ni ndugu. Wakiruka jioni moja na wa kwa jirani, dume huweza kukutana na jike asiye dada yake.

Saa mbili usiku. Sakafu ya veranda, chini ya taa, imejaa mabawa. Nimepiga magoti nimtazame jike mmoja. Ametua, amejipinda, amekandamiza mabawa sakafuni, na yote manne yamekatika kama yaliyochanjwa kwa wembe. Hayakuchanika. Karibu na mwili kila bawa lina mstari dhaifu, na hapo ndipo linapovunjikia, likiacha kisiki kidogo begani. Safari yake ya angani ilikuwa moja tu, na bawa refu kuliko mwili lingekwama kwenye tundu jembamba.

Sasa ameinua tumbo juu na ametulia. Anatoa harufu. Dume, naye tayari hana mabawa, amezunguka mara mbili, amempata, na wameondoka wakifuatana, jike mbele, dume akimgusa mgongoni. Wamefika penye udongo laini chini ya mtungi wakaanza kuchimba. Wataziba mlango nyuma yao. Humo ndani hawana chakula, basi miili yao huyeyusha misuli iliyokuwa ikiendesha mabawa, na hiyo ndiyo akiba ya kuwalea vibarua wa kwanza. Wengi hawafiki hata hapo: siafu, ukavu au jembe langu.

Saa tatu na nusu. Ndoo mbili. Nawakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, kisha Mama anapepeta kwa ungo uani na mabawa yaliyobaki yanapeperuka. Kesho nitauza kwa kikombe.

Saa nne. Naweka kengele ya simu saa tisa usiku. Kile kichuguu cha kando ya mto ni cha mchwa wa aina nyingine, nao hutoka kabla ya kupambazuka, kila aina na saa yake. Mwaka jana nilikingoja jioni nzima, nikaenda kulala, na asubuhi nikakuta mabawa matupu yakielea kwenye madimbwi.