Nilivyotoka dawati la msaada hadi wingu: kwanza mtandao, kisha Linux

Nilianza kazi kwenye dawati la msaada wa kompyuta katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, na msingi wa kazi ninayoifanya leo kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, niliupata pale. Mtumiaji anaposema "intaneti haipo", anaweza kuwa anazungumzia hitilafu kadhaa tofauti. Kompyuta yenye anwani inayoanza na 169.254 kwa kawaida imekosa jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, ikajipa anwani yenyewe. Ile inayofikia anwani ya nje kama 8.8.8.8 lakini haifungui tovuti yoyote kwa jina, tatizo lake hutafutwa kwenye DNS, huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Kwa sababu hiyo nilisoma mtandao kwanza: anwani za IP, njia zinazopitiwa na pakiti, na poti, yaani namba zinazotofautisha huduma kwenye kompyuta moja.

Baada ya hapo nilihamia usimamizi wa seva, na Linux ndiyo niliyoikalia muda mrefu kuliko kitu kingine. Nilijifunza ruhusa za mafaili, namna systemd inavyowasha huduma, na kusoma kumbukumbu za mfumo kwa `journalctl`.

Faida ya mpangilio huo niliiona nilipoanza kazi za wingu. Programu ya ndani tuliyoiweka kwenye seva pepe ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ilikataa kufunguka. Nilipoijaribu kwa `curl`, amri ya kutuma ombi kwenye anwani ya wavuti, ilikaa kimya hadi muda ukaisha. Ukimya wa namna hiyo mara nyingi humaanisha kwamba pakiti zinatupwa njiani bila taarifa, kwa hiyo nilianzia kwenye fayawoli ya wingu, nikakuta poti 8080 haijaruhusiwa. Nilipoiruhusu kwa anwani za ofisi pekee, jibu likawa `Connection refused`. Mwenzangu alidhani hakuna kilichobadilika, lakini hayo yalikuwa maendeleo makubwa: pakiti sasa zilikuwa zinafika kwenye seva, ila hakukuwa na programu inayozipokea kwenye anwani ile. Nikaingia kwenye seva na kuandika:

```
ss -ltn
```

Orodha ya poti zinazosikilizwa ilionyesha `127.0.0.1:8080`, yaani programu ilikuwa inasikiliza maombi yanayotoka ndani ya seva yenyewe tu. Nilibadilisha mpangilio wake isikilize kwenye `0.0.0.0`, yaani anwani zote za seva, nikiwa na uhakika kwamba fayawoli bado inazuia wageni, nikaiwasha upya, ikafunguka. Hitilafu ya kwanza ilihitaji elimu ya mtandao, ya pili ilihitaji Linux. Kilichokuwa cha AWS peke yake ni kujua ukurasa wa kubadilishia kanuni za fayawoli.

Terraform, zana ya kuunda na kubadilisha rasilimali za wingu kwa kuandika msimbo, niliiacha hadi mwisho kwa makusudi, na ningemshauri yeyote afanye vivyo hivyo, kwa kuwa hutekeleza kile ulichoandika: kanuni inayofungua poti kwa dunia nzima, ikiwa ndani ya moduli inayotumiwa na seva ishirini, itazifungua zote ishirini kwa amri moja.