Nilivyorekodi masimulizi ya bibi kwa Zoom, na faili nililolitafuta usiku kucha

Bibi yetu yuko Pangani, shangazi yuko Mombasa, mjomba yuko Uingereza, nami niko Dar. Bibi ndiye pekee anayejua ukoo wetu ulivyofika Pangani na nani alimzaa nani, na tulikuwa tumeshachelewa kumuuliza.

Mara ya kwanza nilifuata ushauri wa binamu yangu: piga simu ya video ya WhatsApp, washa kinasa skrini cha simu, basi. Nikafanya hivyo. Bibi alizungumza karibu dakika 40, kwa furaha, akataja majina ambayo sijawahi kuyasikia. Nilipofungua video, picha ipo, midomo inacheza, sauti hakuna hata chembe. Niliongeza sauti, nikavaa spika za masikioni, nikaicheza kwenye simu nyingine, wapi. Baadaye ndipo nikaelewa: Android hairuhusu kinasa skrini kuchukua sauti ya mazungumzo ya simu, na maikrofoni nayo wakati huo imeshikwa na programu inayopiga simu. Simu haikuwa na kasoro yoyote. Ushauri ndio uliokuwa mbovu, na mpaka leo unanikera, maana ulimchosha mzee wa watu bure. Tena kwa njia ile hakuna aliyejulishwa kwamba anarekodiwa. Nilimwomba bibi radhi kwa hilo pia.

Mara ya pili nikatumia Zoom kwenye kompyuta. Akaunti ya bure inatosha, ila lazima mwenye kikao awe kwenye kompyuta. Kwenye simu, akaunti ya bure hairekodi. Siku mbili kabla niliandika katika kundi la familia: tutarekodi sauti na picha, faili litakaa kwangu, watakaopewa ni sisi wa ukoo tu, asiyetaka aseme. Shangazi akajibu, "Mwanangu, sauti sawa, sura yangu hapana." Tukakubaliana azime kamera yake. Bibi hayumo kundini, kwa hiyo nilimpigia.

"Shikamoo bibi. Unaridhia nikurekodi?"

"Marahaba. Rekodi, lakini habari za lile shamba usizitie."

Sharti hilo ndilo lililonifanya nijifunze `Alt+P`. Kwenye Windows, `Alt+R` huanza kurekodi na `Alt+P` husitisha kwa muda, kisha ukiibonyeza tena inaendelea katika faili lilelile. Bibi alipogusa shamba nilisitisha na kumwambia, "Bibi, nimesimamisha." Alipomaliza nikamwambia ninaendelea. Mwanzoni kabisa, baada ya ile sauti ya Zoom inayowatangazia wote kwamba kikao kinarekodiwa, nilimwomba kila mmoja aseme tena kwamba ameridhia. Sasa ridhaa zao zimo ndani ya video yenyewe.

Dakika 40 za bure zikaisha, tukaingia tena kipindi cha pili. Bando liliniondokea kiasi, lakini halikunitoa jasho.

Kazi ilikuwa baada ya kuagana. Nilifunga kompyuta mara moja nikaenda kula. Niliporudi nikatafuta faili kwenye `Downloads`, hakuna, `Videos`, hakuna. Nikafungua `Documents`, folda ya `Zoom` haimo. Nilikaa hadi usiku wa manane moyo ukinidunda, nikifikiri nimempoteza bibi kwa mara ya pili. Kumbe `Documents` ya kompyuta yangu ilikuwa imehamishiwa ndani ya OneDrive, na folda ya `Zoom` ikawa huko. Ningefungua mipangilio ya Zoom, sehemu ya `Recording`, ningeona njia yote imeandikwa pale.

Ndani yake mlikuwa na folda mbili, kila moja ikianza na tarehe na saa ya kikao. Ya kwanza ilikuwa na video ya `.mp4` na sauti peke yake ya `.m4a`. Ya pili haikuwa na video, ila kitu kinachoitwa `double_click_to_convert_01.zoom`. Hiyo ndiyo rekodi mbichi: Zoom huigeuza kuwa video baada ya kikao kwisha, nami nilifunga kompyuta kazi ikiwa katikati. Usiifute, usiibadilishe jina, usiihamishe. Niliibofya mara mbili, nikaiacha kompyuta wazi kwenye chaji, mstari ukasogea taratibu mpaka mwisho. Nikasikia, "Bismillahi, babu yako mkubwa alikuja kwa jahazi..." nikalia.

Ile `.m4a` ndiyo niliyomtumia shangazi. Ni ndogo, haili bando. Video nilimtumia mjomba WhatsApp kama dokyumenti, si kama video ya kawaida, ili isifinywe na kuharibika. Nakala nyingine iko kwenye fleshi, kabatini kwa bibi, Pangani.